Kava ya singo ya mtaa wa Pangani jioni: jina likae angani au ukutani?

Kijana mmoja wa Pasua alinifuata kazini hapa Moshi akiwa na wimbo ulioshatoka studio na picha kumi na moja kwenye simu. Wimbo unaitwa "Nisubiri Pangani". Mama yake ni wa huko, na ukiusikiliza utaelewa kwa nini kijana wa mjini Moshi anaimba habari za bahari: maji ya Kikuletwa yanayoshuka kutoka Meru na Kilimanjaro huingia Nyumba ya Mungu, yakitoka pale ndiyo Mto Pangani, na mto huo humwagika baharini kwenye mji aliozaliwa mama yake. Alichotaka ni kava yenye mtaa wa Pangani wakati giza linaingia, na mahali pa kuandika jina.

"Shikamoo dada. Nimehangaika nayo wiki nzima, kila picha ni nzuri lakini jina halikai."

"Marahaba. Hebu nionyeshe kwanza ulichokuwa unaiandikia programu."

Prompti yake, yaani maneno aliyoipa programu ya akili unde imchoree, ilikuwa hii:

```
Mtaa wa mji wa pwani magharibi, kava ya muziki,
pazuri sana, acha nafasi ya jina la wimbo,
pasiwe na maandishi
```

Nimeona prompti za namna hii nyingi, na picha zinazotoka hufanana. Nyumba ni nyeupe zenye milango ya buluu na vyungu vya maua, kama miji ya Ulaya ya kusini. Mwisho wa mtaa jua jekundu linazama baharini. Na pale juu, palipoombwa paachwe wazi, pana herufi kubwa za dhahabu zisizosomeka kwa lugha yoyote.

Herufi zile zinatokana na maneno yenyewe. Programu ya kuchora huvutwa na kila kitu ulichokitaja. Ukiandika "kava", "jina la wimbo" na "maandishi", umeitajia maandishi mara tatu, na lile neno "pasiwe" halina nguvu ya kuyafuta. Programu nyingine zina mahali maalumu pa kuandika usichokitaka. Kwa Midjourney, kwa mfano, unaongeza mwishoni `--no text`. Inasaidia, lakini dawa kubwa ni kuacha kabisa kutaja kava na jina. Badala ya kuomba nafasi, taja kitu kinachoijaza hiyo nafasi. Nafasi tupu programu haiijui. Anga inalijua, na ukuta inaujua.

Hapo ndipo penye uchaguzi ninaotaka kuulinganisha, maana kwa picha ya mtaa wa pwani jioni sehemu za kweli za kuweka jina ni hizo mbili. Wako wanaoandika chini, kwenye barabara. Mimi sipendi: chini ndipo penye watu, vivuli na mwanga wa taa, kwa hiyo herufi zinapigania macho na kila kitu. Barabara naiacha.

Kabla ya kulinganisha, lazima tuzungumzie lile jua, kwa sababu ndilo linaloamua kama anga litafaa au halitafaa.

Pangani inatazama mashariki. Bagamoyo vilevile. Bahari iko upande jua linakochomozea, na jioni jua huzama nyuma ya mji, bara, upande tunaokaa sisi wa Moshi. Anayesimama mtaani Pangani jioni akitazama bahari, jua liko mgongoni kwake. Mji Mkongwe wa Unguja ni habari nyingine, kwa kuwa uko upande wa magharibi wa kisiwa, na pale kweli unaweza kukaa ufukweni ukaliona jua likiingia majini. Kwa hiyo picha ya kijana wetu, hata kama nyumba zingekuwa sahihi, ilikuwa ya mji mwingine. Mama yake angeiona angeuliza ni wapi hapo.

Neno "magharibi" nalo lilimponza. Kwetu lina maana mbili, upande wa jua kuzama na wakati wa jua kuzama, na mtu akisikia "mtaa wa pwani magharibi" anajua kinachosemwa. Programu haina hakika, na ikiwa na mashaka huchukua picha iliyoizoea zaidi, ambayo ni jua jekundu juu ya maji. Andika wakati kwa kueleza kinachoonekana: jua limeshazama, taa za kwanza zimewashwa, anga limekuwa la buluu iliyokolea.

Sasa tazama faida yake kwa jina. Upande wa jua, anga la jioni lina rangi ya moto chini na buluu juu, na sehemu inayong'aa ndiyo iliyo karibu na mapaa. Ukiandika mistari miwili kwa herufi nyeupe, wa juu unasomeka na wa chini unamezwa na mwanga. Upande wa bahari ni kinyume. Jua likishazama tu, upande ule huanza kupanda utepe wa buluu ya kijivu, ambao ni kivuli cha dunia yenyewe, na juu yake utepe wa waridi. Muda si mrefu rangi hizo huyeyuka, linabaki buluu tupu linalokolea. Pwani yetu iko karibu na ikweta, mambo haya hayachelewi; baada ya dakika 20 hivi tangu jua lizame, huwezi tena kusoma gazeti nje bila taa. Huo muda mfupi wa buluu ndio unaotufaa, na tunaupata kwa kusema ukweli wa mahali. Uhalisia wa Pangani na usomekaji wa jina vimekutana pamoja.

Hii ndiyo prompti ya anga niliyomwandikia:

```
Picha ya mraba. Mtaa mpana wa mji wa zamani wa Pangani,
Tanzania, dakika kumi na tano baada ya jua kuzama.
Tunatazama upande wa bahari, jua limezama nyuma yetu.
Nyumba fupi za mawe na chokaa, mapaa ya mabati yenye
kutu, zote ziko nusu ya chini ya picha. Nusu ya juu ni
anga safi la buluu iliyokolea, rangi moja. Taa moja ya
manjano inawaka mlangoni. Mwanamke aliyevaa kanga
anatembea kuelekea baharini, ni mdogo, anaonekana mgongo.
```

Na hii ni ya ukuta:

```
Picha ya mraba. Ukuta wa chokaa wa nyumba ya zamani
ya Pangani, Tanzania, unatazamwa uso kwa uso, umejaza
theluthi mbili za kushoto za picha. Unyevu umeacha doa
chini karibu na ardhi. Baiskeli moja imeegemezwa kona
ya chini kushoto. Theluthi ya kulia ni uchochoro
mwembamba, giza la jioni linaingia, taa moja ya manjano
inawaka mbali.
```

Utaona zote mbili zinataja nafasi kwa kipimo: nusu ya juu, theluthi mbili za kushoto. Ukisema "anga kubwa", programu itakupa anga kubwa kwa maoni yake. Ukisema nusu, haitapima kwa rula, lakini itakaribia.

Tuanze na prompti ya anga na ubovu wake. Kosa linalorudi mara nyingi ni anga kuwa na umbo la kabari. Programu inapenda mtaa mwembamba wenye nyumba ndefu, na nyumba hizo zikisimama kushoto na kulia hupanda mpaka kwenye pembe za juu. Anga linabaki pembetatu, pana juu na jembamba chini, na mstari wa pili wa jina unagonga mapaa. Ndiyo maana nimeandika "mtaa mpana" na "nyumba fupi". Kama bado zinapanda, badilisha mahali pa kusimama: sema picha imepigwa kutoka roshani ya juu, ukitazama mapaa. Unapoteza kidogo ule ukaribu wa kuwa mtaani, lakini anga linakuwa mstatili kamili.

Kosa la pili la anga ni mapambo. Programu ikiona nusu ya picha haina kitu huongeza mwezi, ndege, minazi inayoingia kutoka pembeni. Mnazi mmoja kando hauna ubaya. Ukipita katikati ya herufi, umeharibu. Ile taa ya mlangoni na yule mama wa kanga nimewaweka kwa makusudi hayo pia: programu ikishapewa vitu vya kuchora chini, haihangaiki sana kutafuta vya kuchora juu.

Prompti ya ukuta ina uzuri ambao anga halina. Anga la Pangani likipigwa picha linaweza kuwa la Lindi au Kilwa. Ukuta wa chokaa uliomomonyoka, ambao mawe ya matumbawe yanachungulia chini ya plasta, huo unamwambia mtu wa pwani yuko wapi. Na mtaa mwembamba, ule aliokuwa anautaka kijana mwenyewe, unakaa vizuri upande wa kulia bila kuminya jina. Nilipomtolea picha ya kwanza ya ukuta alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Hapa ni kwa bibi kabisa." Sikuweza kupuuza neno hilo.

Lakini ukuta una matatizo mawili, na la pili ni gumu.

La kwanza ni kwamba ukuta mrefu wa nyumba ya zamani unaidai programu mlango. Nyumba za namna hiyo kwenye picha ilizojifunzia zina milango ya nakshi, kwa hiyo inauchomeka mlango au dirisha palepale katikati tulipotaka jina. Baiskeli na doa la unyevu vipo kuzuia hilo, vinampa mtazamaji kitu cha kuona pembeni. Maneno "uso kwa uso" nayo yasiachwe. Ukuta ukionekana kwa upande, unaokimbilia mbali, herufi ulizoandika bapa juu yake zitaonekana kama karatasi iliyobandikwa, na kuzilaza ziufuate ukuta ni kazi nyingine.

La pili ni mwanga. Chokaa ambayo mchana ni nyeupe, jioni inakuwa kijivu chenye buluu, katikati kabisa ya mwanga na giza. Herufi nyeupe zinafifia juu yake, na nyeusi zinafifia vilevile. Utafikiri dawa ni kuongeza taa inayomulika ukuta, na mimi nilifanya hivyo: nikapata duara la mwanga mkali katikati na giza pembeni, herufi za kati zikasomeka na za mwisho zikapotea. Kinachosaidia ni kuomba ukuta uliopakwa rangi nzito, buluu iliyochakaa au kijani kilichopauka, ili uwe wa giza kiasi cha kubeba herufi nyeupe. Hapo unabadilisha ukuta wa bibi kwa ajili ya herufi. Wengine watakubali. Kijana wangu alikataa.

Njia rahisi ya kuliona tatizo hili kabla ya kuchoka ni kuitoa picha rangi zote, ibaki nyeusi na nyeupe, kisha uangalie mahali pa jina. Ukiona kijivu cha katikati, hata herufi nzuri namna gani hazitakuokoa. Picha yetu ya anga, ikishatolewa rangi, ilikuwa karibu na nyeusi sehemu yote ya juu. Ya ukuta ilikuwa kijivu kama majivu.

Halafu pima urefu wa jina. Hapa ndipo nilipofanya uamuzi, na ni hesabu ndogo tu. Wasambazaji wengi wa muziki huomba kava ya mraba ya pikseli 3000 kwa 3000. Lakini msikilizaji kwanza huiona ikiwa ndogo kwenye orodha ya simu, tuseme pikseli 60 kwa 60. Ni kuigawanya kwa 50.

"NISUBIRI" ina herufi nane, "PANGANI" saba. Zinalingana karibu kabisa, kwa hiyo zinakaa vizuri mistari miwili. Juu ya anga tuna upana wote wa 3000. Ukiacha pembezoni 250 kila upande unabaki na 2500, na ukiigawia herufi nane kila moja inapata kama 310. Ikipungua mara 50 inabaki pikseli 6. Ni ndogo, lakini herufi nene inasomeka. Ukutani tuna theluthi mbili, 2000. Ukiacha 200 kila upande inabaki 1600, kila herufi inapata 200, na kwenye orodha inabaki pikseli 4. Kwa pikseli 4, "NISUBIRI" ni mstari wa vumbi. Nilimwonyesha kijana zote mbili kwenye simu yake, nikaishika mbali kwa urefu wa mkono. Ya ukuta hakuweza kuisoma, na jina ni lake mwenyewe.

Kwa hiyo ninachomwambia anayechagua ni hiki. Kama neno refu la jina lako lina herufi tano au pungufu, ukuta utalibeba: 1600 kwa tano ni 320, sawa na anga. Na kama wimbo wenyewe ni wa ndani, wa nyumbani, wa sauti ndogo, ukuta utausemea vizuri kuliko anga. Jina likiwa refu, au likiwa na maneno matatu, nenda angani bila kusitasita. Jina la msanii usilihangaikie sana kwa vyovyote, maana huduma za muziki huliandika pembeni ya picha. Liweke dogo au usiliweke.

Tulikwenda na anga. Picha ya nne ndiyo iliyokubali. Ya kwanza ilikuwa na kabari, ya pili na mwezi, ya tatu ilikuwa nzuri ila mtaa ulikuwa na lami mpya inayong'aa na taa za barabarani pande zote kama barabara kuu. Nikaongeza maneno "barabara ya mchanga uliogandamana" na ikatulia.

Picha ilitoka ikiwa pikseli 1024 kwa 1024. Kuifikisha 3000 ni kuikuza karibu mara tatu, na utaratibu hapa una maana: kuza kwanza, andika baadaye. Ukiandika jina kwenye picha ndogo kisha ukaikuza, kingo za herufi zinakuwa na ukungu. Baada ya kuikuza nilikagua mabati na uso wa mlango kwa karibu, kwa sababu ndiko programu ya kukuza hubuni vitu. Kwenye bati moja ilikuwa imechora michirizi inayofanana na maandishi. Niliifuta. Wasambazaji hukagua kama maandishi ya kava yanalingana na jina la wimbo lililojazwa kwenye fomu, na hawataki namba za simu wala anwani za mitandao juu ya picha, kwa hiyo hata mchirizi unaofanana na neno sitaki uende nao.

Jina niliandika kwa herufi nene zisizo na mikia, rangi ya krimu badala ya nyeupe tupu, ili ikaribiane na ile taa ya mlangoni. Nililiweka mbali na pembe, kwa sababu kijana ataiweka kava hii pia kama picha yake ya WhatsApp, na pale mraba hukatwa kuwa duara na pembe zote nne hupotea. Mama wa kanga yuko chini, amekaribia mwisho wa mtaa, na juu yake kabisa ndipo neno "PANGANI" lilipo.

Picha ya ukuta hakukubali niifute. Ana wimbo mwingine haujamalizika, unaitwa "Bibi". Herufi nne, 1600 kwa nne ni 400 kila moja. Nimemwambia akiumaliza arudi, nitaupaka ule ukuta jina kwa kahawia ya giza, na safari hii nitaomba saa ya mapema zaidi, jua likiwa ndiyo kwanza limezama, wakati chokaa bado ina mwanga wa kutosha kulibeba.